Barua Tatu kwa Mwenye Nyumba

Barua ya kwanza ilirudi kwa Mama Vigingi siku ya saba, ndani ya bahasha ileile, ikiwa imejaa wino mwekundu kama mtu aliyekatwa na wembe wakati wa kunyoa.

Aliisoma akiwa amesimama pale mapokezi, mkoba ungali begani. Jina la Mama Vigingi alipewa na wateja wake, kwa kuwa alikuwa mpima ardhi, na kwa miaka ishirini na mbili kazi yake ilikuwa kuingia kwenye viwanja vya watu waliogombana na kuwapigia vigingi mahali mpaka unapopita. Alishatukanwa na majirani wa kila aina. Alishafukuzwa na mbwa, na mara moja na bata mzinga. Lakini kusahihishiwa barua ya kikazi kama mwanafunzi wa darasa la sita, hilo lilikuwa halijampata.

"Hebu njoo uone," alimwita mchoraji wake, bwana mpole aliyechora ramani zote zilizotoka katika ofisi ile. "Njoo uone mwenye nyumba wetu alivyonijibu."

Mchoraji alivaa miwani, akasogea.

Kichwa cha barua kilisema: YAH: KUHUISHA MKATABA WA PANGO. Pembeni, kwa mwandiko wa kulala uliopangwa vizuri, palikuwa pameandikwa: *Kuhuisha ni kutia uhai. Mkataba ulikufa lini?* Chini ya neno "pango" palikuwa na mistari miwili: *Pangoni hukaa popo. Wewe una mkataba wa upangaji.* Na katika aya ya nne, pale Mama Vigingi alipoandika kwa uchungu kwamba "paa imeharibika na inavuja", mzee alikuwa amezungushia duara: *Paa (mnyama) ameharibika. Paa (la nyumba) limeharibika. Chagua.* Chini kabisa palikuwa na alama: tisa juu ya ishirini.

Mchoraji alikohoa ili asicheke.

"Cheka tu," alisema Mama Vigingi. "Ndoo imejaa kule kwako au bado?"

"Ilijaa jana. Nimeimwaga."

Ofisi yao ilikuwa ghorofani, chini ya bati, na chini yao palikuwa na duka la dawa. Ilikuwa na vyumba vitatu. Cha mbele kilikuwa cha wateja, cha kati kilikuwa na meza ya kuchorea na mashine kubwa ya kuchapia ramani, na cha nyuma kilikuwa stoo, ambamo ramani za miaka yote zilisimama zikiwa zimeviringishwa ndani ya mirija ya karatasi ngumu, kila mrija na namba yake. Mvua za mwaka ule zilipopita, dari ya chumba cha kati ilivimba ikashuka kama tumbo la mtu aliyeshiba, na mirija kumi na mmoja ya stoo ikalowa. Mashine ya kuchapia ilikuwa ikifunikwa turubai kila jioni. Hata sasa, mvua zikiwa zimekwisha, manyunyu kidogo tu yalitosha kuwakimbiza wote kutafuta ndoo.

Mwenye nyumba alikuwa mwalimu wa lugha mstaafu, na mtaa mzima ulimwita Mwalimu. Nusu ya watu waliopita mbele ya jengo lile walikuwa wamefundishwa naye, na nusu nyingine walikuwa wamefundisha watoto wao kumwogopa. Jengo alilijenga kwa mkopo na akiba ya miaka thelathini, na aliishi nyumba ya pili nyuma yake, pamoja na binti yake muuguzi.

Mkataba ulikuwa unakwisha mwisho wa mwezi wa tisa. Kifungu cha tisa kilisema kwamba mpangaji akitaka kuendelea miaka mitatu mingine atakuwa na haki hiyo, mradi atoe taarifa ya maandishi si chini ya siku tisini kabla ya mwisho. Kodi mpya wataelewana, na wasipoelewana watamwita mthamini watakayemkubali wote wawili. Mama Vigingi alikuwa amehesabu siku kwenye kalenda ya ukutani kwa ncha ya kalamu. Tarehe ya mwisho ya kutoa taarifa ilikuwa mbili ya mwezi wa saba, na siku ile ilikuwa tarehe kumi ya mwezi wa sita.

Alimpigia simu shemeji yake, mdogo wa mumewe, ambaye alikuwa wakili na hakuwa na dogo.

"Shemeji, mwenye nyumba amenipa masahihisho."

"Umepata ngapi?"

"Usinichekeshe, nina hasira."

"Hasira weka pembeni. Ile aya ya kwanza niliyokusomea kwenye simu umeiandika vilevile? Kwamba unatoa taarifa ya kuendelea kwa mujibu wa kifungu cha tisa, bila masharti?"

"Vilevile."

"Na kodi na matengenezo umeyaweka huku chini, kama mapendekezo ya kuzungumza? Maana ukisema 'nitaendelea endapo utatengeneza paa', hapo atasema hujatoa taarifa, umeleta biashara mpya."

"Nimeyaweka chini, shemeji. Sikuongeza hata nukta."

"Basi sawa. Nakala yako amesaini kupokea?"

"Hajasaini," alisema Mama Vigingi. Hapo ndipo penye tatizo. Alipompelekea barua, Mwalimu aliipokea mlangoni, akaitazama juu juu, akakataa kusaini nakala. Alisema hawezi kuweka sahihi yake kwenye kitu chenye makosa.

"Mwandikie nyingine," alisema shemeji. "Safari hii asaini."

Akaandika nyingine. Aliketi nayo asubuhi nzima, kazi ya kiwanja cha mjane mmoja ikimngoja mezani. Mapendekezo hayakubadilika. Kodi ilikuwa laki sita kwa mwezi, naye alipendekeza laki sita na nusu kwa miaka miwili ya kwanza na laki saba mwaka wa tatu. Paa, kuta za nje, ngazi na mabomba makubwa yawe juu ya mwenye nyumba. Rangi za ndani, vitasa, vioo na taa viwe juu yake mpangaji. Mkataba wa zamani ulisema tu kwamba mpangaji "atatunza mahali hapo katika hali nzuri", na kila dari ilipovuja Mwalimu alimnyooshea kidole kwenye mstari huo. Sasa alitaka iandikwe wazi, na pia iandikwe kwamba mwenye nyumba akiarifiwa juu ya ubovu wa upande wake na zikapita siku kumi na nne bila kufanya kitu, mpangaji atatengeneza na kukata gharama kwenye kodi, kwa risiti.

Alipomaliza alimpa mchoraji aisome kwa sauti. Paa lilikuwa limekuwa la nyumba. Mkataba haukuhuishwa tena, uliendelezwa.

Aliipeleka mwenyewe tarehe kumi na nne. Mwalimu alikuwa barazani anasoma gazeti, kalamu mkononi.

"Shikamoo Mwalimu."

"Marahaba. Umeisoma mwenyewe kabla ya kuleta?"

"Nimeisoma mara tatu."

"Tutaona."

"Naomba unisainie hapa kwamba umepokea."

"Kusaini ni kupokea na kuridhika," alisema Mwalimu, akaichukua barua na kuiacha nakala ikining'inia mkononi mwa Mama Vigingi. "Kwanza nisome."

Ilirudi baada ya siku sita. Kumi na nne juu ya ishirini. Safari hii mzee alilalamikia "masaa" badala ya saa, na mkato uliokaa pasipo pake, na akaandika chini kabisa: *Umejitahidi. Punguza maneno.* Juu ya laki sita na nusu hapakuwa na neno. Juu ya bati hapakuwa na neno. Alikuwa ametembea juu ya hoja zote kama mtu anayevuka matope, akikanyaga mawe ya sarufi tu.

"Huyu mzee ananichezea," alisema Mama Vigingi. Aliikunja ile barua, akaikunjua, akaitupa mezani. "Nimempigia vigingi mkuu wa mkoa kiwanjani kwake akasema asante. Huyu ananiambia nipunguze maneno!"

"Yapunguze," alisema mchoraji taratibu. "Siku zinakwenda."

Ya tatu aliipeleka tarehe ishirini na tano. Mwalimu hakuwepo, akaiacha kwa binti yake muuguzi, aliyekuwa anakimbilia zamu na viatu mkononi. Ilirudi tarehe thelathini. Kumi na saba juu ya ishirini, na pembeni ya aya ya kwanza, alama ya vema, kubwa, iliyopindwa mkia.

Halafu kukawa kimya. Tarehe mbili ikapita. Mama Vigingi alijiambia kwamba ameshatoa taarifa mara tatu, na mtu mwenye akili timamu hawezi kusema hakuiona. Tarehe kumi na tano ya mwezi wa saba ikaja barua iliyopigwa chapa, isiyo na kosa hata moja. Ilisema kwamba kwa kuwa mwenye nyumba hajapokea taarifa yoyote ya maandishi katika muda uliowekwa, mkataba utakwisha kwa tarehe yake, na mpangaji anatakiwa kukabidhi vyumba vikiwa vitupu mwisho wa mwezi wa tisa.

Mama Vigingi alikaa chini. Alifikiria mirija ile mia nne na zaidi, na mashine ya kuchapia, ambayo siku waliyoipandisha ngazi ilihitaji wanaume sita na ugomvi mmoja. Alifikiria wateja waliozoea njia ile. Hasira ikampanda mpaka masikioni.

Alizichukua barua zote tatu zenye wino mwekundu, akaenda ofisini kwa shemeji yake akiwa hajapiga hata simu.

Shemeji alizisoma moja moja, kichwa chini. Mabega yakaanza kumtikisika.

"Unacheka nini na mimi nafukuzwa?"

"Shemeji, huyu mzee amekusainia mara tatu!"

"Amesaini wapi? Amekataa!"

"Tazama hapa, chini ya alama." Wakili aliweka kidole. Chini ya kila alama, kwa mazoea ya mtu aliyesahihisha madaftari maisha yake yote, Mwalimu alikuwa ameweka herufi za jina lake na tarehe. Ishirini na tisa, mwezi wa sita, kwenye ile ya tatu. Siku tatu kabla ya muda kwisha. "Na aya ya kwanza, yenye taarifa yenyewe, ameipigia vema. Mahakamani nikiitoa hii, hakimu ataomba maji ya kunywa."

Mama Vigingi aliitazama ile alama kwa muda. Alitegemea angefurahi. Badala yake alijisikia kuchoka.

"Mahakamani sitaki," alisema. "Nikienda huko nitashinda, halafu nikae miaka mitatu chini ya paa la mtu niliyemshtaki? Na linavuja vilevile."

"Basi nenda ukaongee naye. Lakini hizi niachie, uende na nakala."

Alikwenda Jumamosi asubuhi. Njiani alimpitia fundi wa paa, akampandisha juu kwa ngazi ya duka la dawa, akamsubiri chini nusu saa nzima. Fundi alishuka na vumbi kichwani na kipande cha mbao mkononi. Alikibonyeza kwa kidole gumba kikasagika. Bati za upande wa nyuma zimeoza, alisema, kenchi tatu zinazobeba bati hizo zimeliwa na mchwa, na mfereji wa maji umejaa majani mpaka maji yanarudi ndani. Kazi yote, vifaa na ufundi, milioni tatu na laki sita. Akamwandikia kwenye karatasi.

Mwalimu alimkaribisha sebuleni. Binti yake muuguzi alileta maji ya kunywa, akaketi kwenye mkono wa kochi, maana alikuwa ameuona uso wa mgeni.

"Mwalimu," alianza Mama Vigingi, "umeniandikia kwamba hukupata taarifa."

"Sikupata taarifa. Nilipata rasimu."

"Rasimu yenye sahihi yangu na muhuri wa ofisi?"

"Barua yenye makosa ni rasimu."

"Hii ya tatu umenipa kumi na saba!"

"Kumi na saba si ishirini."

Mama Vigingi alivuta pumzi. Alitandaza nakala tatu mezani, akageuza ya tatu imwelekee mzee, akaonyesha herufi na tarehe. Mwalimu aliinama, akatazama mwandiko wake mwenyewe, akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

Aliyesema ni binti yake. "Baba, umemwandikia ahame?"

"Nilimwandikia mambo ya mkataba."

"Umemwandikia ahame, baba! Mpangaji ambaye hajachelewesha kodi hata mwezi mmoja?"

"Kuna watu wa chuo cha kompyuta," alisema Mwalimu, na sauti yake ya darasani ilikuwa imepungua. "Wanatoa kodi ya mwaka mzima mbele, laki nane kwa mwezi."

"Na wewe unaihitaji ya mwaka mzima mbele kwa ajili gani?"

Mzee alichukua ile nakala ya kwanza, akaisogeza karibu kana kwamba anatafuta kosa lililomponyoka. Kidole chake kilisimama kwenye aya ya nne.

"Kila ukileta barua," alimwambia Mama Vigingi bila kumtazama, "unaniuliza paa. Mimi najua paa linavuja. Nililipandisha mwenyewe. Pensheni yangu inatosha chakula na dawa, na huyu hapa mshahara wake anasomesha watoto wa dada yake. Ningekujibu nini? Niandike kwamba sina?"

"Ungeandika hivyo hivyo, Mwalimu."

"Kwa mpangaji?"

Mama Vigingi alikuwa amekuja na maneno mengi, mengine makali sana, ameyapanga tangu nyumbani. Yalimkwama. Lakini hasira haikuisha. Wiki sita alizopoteza zilikuwa wiki sita, na mirija kumi na mmoja ilikuwa imelowa.

"Mwalimu, nakuheshimu," alisema, "lakini umenizungusha. Nimeacha kazi za watu nikafanya mazoezi ya lugha. Ungeniambia siku ya kwanza tungekuwa tumeshamaliza." Akatoa karatasi ya fundi. "Kodi ya hao wa chuo cha kompyuta sikushauri. Wakija, watapandisha kompyuta hamsini chini ya kenchi zilizooza, na mvua ya kwanza watadai kodi yao yote irudi. Sikiliza. Paa libaki lako, na matengenezo yake yabaki yako, hilo sitoki. Lakini safari hii gharama naitanguliza mimi, halafu nakata laki mbili kila mwezi kwenye kodi mpaka itimie. Miezi kumi na minane."

"Kwa kodi ya laki sita na nusu?" Mzee alinyanyua kichwa. "Hapana. Ukikata laki mbili hapo nabaki na nini? Laki saba na nusu."

"Laki saba na nusu kwa vyumba vyenye ndoo?"

"Havitakuwa na ndoo. Umesema mwenyewe unatengeneza."

Binti alizika uso kwenye kiganja. Walivutana mpaka maji yakapata joto kwenye glasi. Mwisho walifika laki saba kwa miaka miwili na laki saba na nusu mwaka wa tatu, ghali kuliko Mama Vigingi alivyokusudia. Mwalimu akaongeza kwamba kusafisha mfereji wa maji kila mwaka kabla ya mvua kuwe juu ya mpangaji, maana majani yanatoka kwenye mti ambao Mama Vigingi mwenyewe alikataa ukatwe, kwa ajili ya kivuli. Hilo lilikuwa kweli. Alikubali kwa kununa. Zile siku kumi na nne mzee alizipinga kwa nguvu zote, wakaishia siku ishirini na moja, isipokuwa maji yakiwa yanaingia ndani, hapo siku tatu.

Shemeji aliandaa mkataba, na Jumatano iliyofuata wote walikutana ofisini kwake kusaini. Mwalimu hakukubali kusaini kitu alichosomewa na mtu mwingine. Alikisoma mwenyewe, kwa sauti, kuanzia jina la wahusika. Saa moja ikapita. Mama Vigingi alikuwa na mteja anamsubiri kiwanjani. Kwenye kifungu cha pili mzee alibishania mkato. Kwenye cha tano alitaka kujua "kadiri itakavyokuwa" ni kadiri ya nani. Shemeji, aliyekuwa amecheka sana siku ile ya kwanza, sasa alikuwa hacheki, na shati lilikuwa limemganda mgongoni.

Kwenye kifungu cha saba mzee alisimama. Akarudia kusoma, midomo ikitembea.

"Wakili. Hapa umeandika atakata laki mbili kwa miezi minane."

"Kumi na minane, Mwalimu."

"Kwa tarakimu umeandika kumi na nane. Kwa maneno umeandika minane. Zikipingana ni kipi kinafuatwa?"

Shemeji alinyoosha mkono, akaichukua karatasi, akaitazama, na uso ukambadilika. "Maneno," alisema.

"Basi huyu angepoteza milioni mbili," alisema Mwalimu. Alisema hivyo kwa ukali, kama anamgombeza, na akaisukuma karatasi mbele ya wakili. "Rekebisha. Tena kote, kwenye nakala zote. Mimi nitasubiri."

Mama Vigingi alimtazama mzee. Alijaribu kumkasirikia akashindwa, na hilo nalo likamkera.

Walisaini mbele ya wakili, nakala mbili, kila ukurasa. Mwalimu alipokea kalamu ya bluu, akaweka sahihi pole pole. Walipotoka nje alimwambia Mama Vigingi, "Mwanangu, nakala yako usiiweke kwenye ile stoo," akaingia kwenye gari la binti yake.

Mafundi waliahidi kuja Jumatatu, wakaja Alhamisi. Wakaezua upande wa nyuma, na mchoraji akahamia mapokezi na meza yake, akawa anachora goti limegusana na la wateja. Vumbi la mchwa liliingia kwenye chai, kwenye mashine, kwenye nywele. Kwa siku tano hapakuwa na mtu aliyeweza kusikia simu, kwa sababu nyundo zilikuwa zinagonga moja kwa moja juu ya vichwa. Yule mjane wa kiwanja alipiga kuuliza watakuja kupima lini, na Mama Vigingi, kidole kimoja sikioni, akampigia kelele, "Kesho! Nasema kesho, mama! Saa mbili!" na mama wa watu akajibu kwamba sawa, basi atamsubiri mwezi ujao.

"Kesho!" alipiga kelele tena, na bati likaanguka kwa kishindo, na simu ikakatika.